Samaki wa Februari Hawavunjiki

...elfu nne zimepakiwa Pweto, elfu nne zimeuzwa Lubumbashi, kilo kwa kilo, na mimi nimepita juu ya mstari huu tangu wiki ya jana, asubuhi na jioni, kama mtu anayesalimia jirani bila kumtazama usoni, elfu nne na elfu nne, Februari, halafu Machi elfu nne na elfu nne, na Aprili, na Mei, hakuna hata kichwa kimoja cha samaki kilichokatika katika magunia, kamio inaruka mashimo yote ya barabara ile kutoka ziwani na samaki wamelala ndani kama mayai ndani ya pamba... hapana, ngoja, usishituke, soma tena pole pole, herufi za kijani, kidole juu ya kioo, mstari wa saba kilo zilizopakiwa, mstari wa nane kilo zilizouzwa, Januari elfu nne zinakuwa elfu tatu mia mbili themanini, vizuri, ndivyo inavyotakiwa, Februari elfu nne zinabaki elfu nne, na kule katika chumba cha pili Papa Stanislas anapunguza sauti ya redio na kuita, "Mwape, unamaliza? Courant ya huku Naviundu iko na mayele yake, inaweza kwenda saa yoyote, mashini izimike," na mimi nasikia sauti yangu ikijibu, "Bado kidogo, Papa," sauti nzuri, tulivu, sauti ya msichana ambaye hana jambo, kumbe nina jambo la milioni mbili kasoro kidogo. Ni ofisi yake hii, ordinatera yake, kompyuta hii, yeye ni comptable, mhasibu wa maduka matatu na ananiazima mashini kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu, bure, kwa sababu alifanya kazi na marehemu baba katika reli, na kesho saa tatu asubuhi nakutana na wawekezaji kutoka Kinshasa, na nilikuja leo kwa kitu kimoja tu, kutoa nakala safi tano za makadirio ya mwaka wetu wa kwanza wa kamio, si kutafuta kitu, nani anatafuta kitu usiku wa mwisho, nilitaka tu kuona kama pembezoni ziko sawa kabla ya kuwasha ile imprimante inayolia kama msumeno... Asilimia kumi na nane. Iko wapi asilimia kumi na nane yangu? Iko pale juu, mstari wa nne, safu ya pili, nimeiandika mwenyewe, «makombo na matabishi, 18%», kumi na mbili za samaki wanaovunjika njiani na kuwa unga ambao hakuna anayeununua, na sita za matabishi, kile kidogo unachomwongezea mnunuzi juu ya kipimo ili kesho arudi kwako asiende kwa mwenzako, na nakumbuka jinsi nilivyobishana na Mama Kunda juu ya zile sita, tumekaa nyuma ya nyumba yake Pweto, moshi wa kuni unanitoa machozi, namwambia kwa Kifaransa changu cha campus kilichovaa nguo za Kiswahili kwamba zawadi si gharama, Mama, zawadi ni hiari, haiwezi kuingia katika jedwali, na yeye anageuza samaki juu ya waya bila kuniangalia, "Weka mule, mwana. Weye unaita zawadi, miye naita njia ya kuuza. Bila matabishi hautauzisha hata mukia," na wanawake wanaokausha samaki pamoja naye wanacheka, mmoja anasema, "Ule mutoto iko na vitabu mingi, samaki njo hana," na nikaweka, nikaandika sita, nikaona nimejishusha, nikaona nimefanya ukarimu mkubwa kuwasikiliza. Na mashini imewasikiliza mwezi mmoja tu. Nasogeza mshale juu ya Januari, safu ya pili, mstari wa nane, na pale chini formula inajitokeza, L(-1)C*(1-L(-4)C), na naisoma kama inavyosema yenyewe, chukua namba iliyo mstari mmoja juu yako, ondoa sehemu iliyo mistari minne juu yako, juu yako, Mwape, katika safu yako mwenyewe, na kwa Januari ni kweli kabisa, Januari akipanda mistari minne anaikuta kumi na nane imekaa inamngoja, lakini Februari yuko katika safu ya tatu, naye nilimwambia vile vile, panda minne juu yako, na yeye mtiifu akapanda, akakuta nafasi tupu, na mashini hii haijui kuuliza, nafasi tupu kwake ni sifuri, kwa hiyo ondoa sifuri, kwa hiyo elfu nne, na Machi akapanda akakuta utupu, na Aprili, mpaka Desemba, wote kumi na mmoja wakapanda wakashuka mikono mitupu na hakuna aliyepiga kelele. Na nakumbuka jioni ile, ningeweza kuandika L4C2 kwa vidole vyangu, mstari wa nne safu ya pili, mahali pamoja pasipohama, Papa Stanislas alinionyesha siku ya kwanza, "Kintu ya bote, ya miezi yote, unaipatia adrese yake kamili," lakini nilikuwa na haraka, nilielekeza mshale tu, mshale ukaandika umbali badala ya adrese, halafu nikaamuru copie, kulia, mara kumi na moja, na miezi kumi na mmoja ikajaa kwa kufumba na kufumbua, na nilipiga makofi, nakumbuka, nilipiga makofi peke yangu katika ofisi ya watu. Basi hesabu, hesabu, geuza karatasi hii, kalamu iko wapi, kila mwezi kilo mia saba na ishirini ambazo hazipo, mara zaire mia mbili na hamsini, bei ya kilo, ni mia na themanini elfu, mara miezi kumi na mmoja, milioni moja laki tisa na themanini elfu, hivyo faida ya mwaka iliyo pale chini, milioni tatu na elfu sitini, ile namba niliyoijua kwa moyo kama namba ya kadi yangu ya uraia, si milioni tatu, ni milioni moja na elfu themanini, elfu tisini kwa mwezi, Januari yote mwaka mzima... Januari. Eh, Januari. Hapa nacheka, nacheka peke yangu na Papa Stanislas anauliza kule, "Kuko nini?" nasema hakuna, Papa, ni mashini, "Mashini inakuchekesha? Basi iko na bahati, miye inanililisha," kwa sababu kuna mtu aliyeliona kosa hili kabla yangu na nikamfunga mdomo. Citoyen Kasonde, mtu wa hapa wa wale wawekezaji, yule anayewatafutia biashara za kuweka mali, koti la abacost lililopigwa pasi mpaka linakata, alikaa mbele yangu majuma mawili yaliyopita na jambo la kwanza aliloniuliza si samaki, si barabara, aliniuliza, "Citoyenne, nani mwanaume iko nyuma ya hii?" na nikamwambia nyuma yangu kuna ukuta, citoyen, geuka utazame, na alicheka, na mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshachoka na swali hilo, banki waliniuliza, mwenye gari aliniuliza, padri aliniuliza kwa upole, na nilikuwa nimejiapiza kwamba hesabu zangu zitakuwa safi kiasi kwamba mtu atatafuta mwanaume ndani yake na kukosa hata alama ya kiatu chake. Halafu akashusha miwani, akaweka kalamu juu ya jedwali, akasema, "Lakini Januari yako iko zaifu sana. Faida elfu makumi tisa, halafu Februari mbili mia na makumi saba elfu. Juu ya nini?" Juu ya nini! Kwa nini! Swali zuri, swali safi, swali ambalo mtoto wa darasa la sita angekwenda kulitazama katika karatasi, na mimi, bingwa wa midahalo wa Faculté, mimi niliyewashinda vijana wa Droit, wa sheria, mbele ya ukumbi mzima juu ya hoja ambayo sikuiamini hata nusu, sikutazama karatasi, nilifungua mdomo. Nikamwambia kuhusu Bonane, sikukuu ya mwaka mpya. Nikamwambia, citoyen, nani katika mji huu ana feza mwezi wa kwanza, mshahara wa kampuni ya shaba umenywewa na kuliwa tangu Noeli, nguo mpya za watoto, wageni kutoka kijijini, mbuzi, bia, mwezi wa kwanza hata katika makambi ya wafanyakazi watu wanakula sombe, majani ya muhogo bila kitu ndani, halafu Februari mshahara unarudi, sufuria inarudi, samaki anarudi, na nilizungumza vizuri, nilikuwa na mikono, nilikuwa na vituo, nilimtazama machoni pale penye namba, na yule mtu mzima mwenye mvi alitikisa kichwa kwa kukubali akaandika pembeni «Januari: sikukuu», na siku ya pili nikakaa hapa hapa nikaiingiza hoja yangu katika dosie, ukurasa wa sita, kwa sentensi mbili nzuri, nikawatumia Kinshasa, na kwa sababu ya ukurasa wa sita na ile namba ya chini wamepanda ndege. Niliulizwa kosa langu liko wapi na nikalipatia kosa mwanasheria. Na hakuna hata mstari mmoja katika jedwali unaojua Bonane ni nini! Kilo elfu nne nilizipakia Januari sawa na miezi mingine, bei mia mbili na hamsini ile ile ya leo, tulisema wazi bei za leo kwa sababu nani anaweza kutabiri zaire hii inayoanguka kila Jumatatu, basi sikukuu yangu iliingilia dirisha gani, ningejiuliza hilo mara moja tu ningeona, lakini mtu anayeshinda hajiulizi, hicho ndicho walichotufundisha campus bila kukusudia, simama upande uliopewa, usigeuke. "Papa," naita, "Papa Stanislas, ulipohakikisha jedwali langu, ulihakikisha miezi mingapi?" na kiti kinalia, viatu vya kuburuta vinakuja mpaka mlangoni, anasimama na kikombe cha chai, fulana na suspenda, anafikiri kwa uaminifu, "Moja. Januari. Niliipima na mashini ya mukono, kitu kwa kitu, ilikuwa juste. Ile ingine si ni ordinatera njo ilikopia? Ordinatera haichoke, mwana, si kama shiye," na namtazama na siwezi kumkasirikia, mwezi pekee alioupima ndio mwezi pekee uliokuwa kweli, na mimi pia nilipima ule ule, kila mtu anaanza mwanzoni na kila mtu anaishia pale, "Juu ya nini, kuko kitu?" nasema natazama tu, na yeye anakunywa chai, anaegemea mlango, "Usijisumbue. Miye ba-Kinshasa nawajua. Banaangaliaka kule chini kwa total, banaangalia tena weye mwenyewe, kwisha. Kesho vaa ile pagne ya bleu," na anaburuta viatu kurudi kwa redio yake, na sentensi yake inabaki hapa imesimama mlangoni bila yeye. Kule chini kwa total, kwisha. Ni kweli. Hakuna atakayeona. Kasonde ameshaandika «sikukuu» pembeni, mkono wa mwanaume umethibitisha, wako tayari kutoa milioni nne za kamio, na nikifungua mdomo kesho naijua sauti itakayofuata, naisikia tayari, si kicheko, afadhali kicheko, ni ule upole, «haiko kitu, citoyenne, hesabu ni ngumu», na wasichana wote watakaokuja nyuma yangu na karatasi mkononi wataambiwa habari ya yule wa samaki, kwa hiyo kunyamaza ni karibu wajibu, sivyo, ni kwa ajili ya wengine, ni siasa, ningeweza kuitetea hoja hii dakika ishirini bila karatasi... na ndiyo, tazama, nimeshaanza kuitetea. Nyamaza, Mwape. Hesabu. Masharti yao ni haya, wanaweka milioni nne, wanarudishiwa kwa miezi ishirini na minne sehemu sawa, baada ya hapo wanabaki na robo ya faida, na milioni nne kugawa ishirini na nne ni laki moja sitini na sita elfu mia sita sitini na saba kila mwezi, na jedwali lile la uongo lilikuwa na mbili mia sabini elfu za kuwalipa na kubaki, nilicheza juu ya hiyo, lakini mfuko wa kweli una elfu tisini, tisini tu, kila mwezi unakosa elfu sabini na sita na mia sita sitini na saba, na nani ataziba? Najua nani ataziba. Ipo katika karatasi, nimeiandika mimi, dhamana, zaire laki sita, likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, ya wanawake kumi na wawili wa Pweto, elfu hamsini kila mmoja, zamu zao za mwaka mzima walizokubali kutozila ili mtoto mwenye vitabu apate kamio, zimelala banki kwa jina la kampuni, na kila mwezi ambao sitatosha wawekezaji watakata humo, sabini na sita na ushee, na sabini na sita, na sabini na sita, gawa, mara saba ni laki tano thelathini na sita elfu na ushee, mwezi wa nane hazitoshi, mwezi wa nane wanachukua kamio, na Mama Kunda anabaki na waya yake na moshi wake. "Iyi feza mutaigusa?" aliniuliza akiwa bado ameishika, imefungwa katika kitambaa, na nikasema hapana, Mama, ni ya kuonyesha tu, haitaguswa hata siku moja, niliapa, na niliamini, nilikuwa na jedwali. Basi. Mshale juu ya Januari. Edite. Futa L(-4)C, andika adrese kamili, herufi kwa herufi, L4C2, funga mabano, valide, halafu copie, kulia, kumi na moja, na sasa mashini inatafuna, inachelewa, pale juu inahesabu kinyumenyume ni vyumba vingapi bado, na Februari inashuka, elfu tatu mia mbili themanini, na Machi, na Aprili, zinaanguka moja moja pole pole, na pale mwisho, chini kabisa kulia, milioni tatu na elfu sitini inasimama kidogo kama haijasikia, halafu ni milioni moja na elfu themanini. Ni namba ndogo. Nilifikiri nitalia na silii, naitazama, na ajabu ni kwamba naielewa zaidi kuliko ile kubwa, naona makombo ndani yake, naona mwanamke wa soko akinyoosha mkono na kusema ongeza kidogo, naona kamio inazama katika tope. Na kama ingekuwa miezi arobaini na minane? Milioni nne kugawa arobaini na nane, themanini na tatu elfu mia tatu thelathini na tatu, toa katika tisini, inabaki elfu sita mia sita sitini na saba kwa mwezi, hata tairi hainunui, gurudumu moja likipasuka tumekwisha, lakini likelemba haiguswi kama halijapasuka, na hilo naweza kulisema kesho kwa mdomo wangu, mabwana, jedwali mlilonalo lina kosa, kosa ni langu, na citoyen Kasonde aliuliza swali sahihi na mimi nikampa jibu zuri badala ya jibu la kweli, nataka miaka minne si miwili, na watakataa pengine, watakataa, watafunga mikoba... lakini kwa nini nawafikiria wao tu? Tangu nimekaa hapa nasema wawekezaji, wawekezaji, kana kwamba ni wale wa ndege peke yao, na laki sita zimekuwa mezani miezi mitano kabla yao, bila masharti ya miezi, bila kuuliza mwanaume yuko wapi, na ni nani aliyewatumia wanawake wale dosie, nani aliyewasomea ukurasa wa sita, hakuna, nakala tano na hakuna hata moja ya Pweto. Kesho ni Alhamisi. Saa kumi na mbili asubuhi wanafungua phonie ya misioni, ile redio ya kupokezana sauti, na Mama Kunda huwa upande wa Pweto kila Alhamisi na wenzake wakingoja kuambiwa bei ya soko la huku, masaa matatu mazima kabla ya mkutano, kwa hiyo wao kwanza, wao ndio waamue kama feza yao inabaki ndani ya mambo ya elfu sita na ushee au inarudi katika kitambaa, na ikirudi sitaenda na dhamana, na bila dhamana nitaenda na nini, sijui, nitaenda. Na phonie haina siri. Kila kituo kinasikia, wauza unga wa Mitwaba watasikia, mapadri, wake za mapolisi, kila mtu mwenye foleni yake atasikia yule msichana wa Université akieleza jinsi alivyosahau makombo, na itasimuliwa, na itaongezewa matabishi. Wasikie. Redio ya Papa Stanislas imerudi juu, anaita tena, "Mwape, mwana, unamaliza?" na mshale umekaa pale pale Februari, unawaka unazima, na najibu bado kidogo, Papa, na midomo yangu inajaribu maneno ya asubuhi, mafupi, sipati mahali pa kuweka mikono, Mama Kunda, ni Mwape anasema, Mama, ile hesabu niliwaambia haikuwa kweli, nilikosea miezi kumi na mmoja, faida ni ndogo mara tatu, feza yenu inaweza kuguswa, nasema tena, inaweza kuguswa, muniambie munataka nini, na pale mtu anasema yale maneno mawili ya kuwapa wenzake zamu, anaachia kidude cha kusemea ili upande wa pili usikike, na huwezi kusema tena mpaka wao wamalize. À vous.